Mishazari ililingana, na msingi bado ulikuwa umepinda

Nyumba ya kwanza niliyopewa kuisimamia peke yangu ilikuwa sanduku tupu: mita 12 mbele, mita 8 kwenda nyuma, haina baraza wala kona ya ziada. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kazi nyingine, akaniachia tepu ya mita 30, nyundo, vigingi, kamba na sentensi moja: "Pima kona kwa kona, vikilingana chimba." Nilivipima, vikalingana, nikachimba. Siku kumi baadaye zege la msingi likiwa limeshakauka, akaja mzee mmoja fundi kututazama, na ndani ya robo saa akanionyesha kwamba ukuta wa nyuma ungekuwa mfupi kuliko wa mbele kwa sentimita kumi.

Nianze pale kosa lilipozaliwa, kwa sababu halikuzaliwa kwenye mishazari. Mishazari, kwa maana ya vile vipimo viwili vinavyokatiza katikati kutoka kona hadi kona iliyo mkabala nayo, ilikuwa imeniambia ukweli. Mimi ndiye niliyeisikiliza vibaya.

Nilianza na mstari wa mbele. Kigingi A kushoto, kigingi B kulia, mita 12 kati yake, kila kimoja na msumari juu ili kipimo kianze kwenye ncha moja isiyobadilika. Kisha kona ya A nikaipiga skwea, yaani pembe mraba, kwa ile pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo kila fundi anaijua: mita 3 kwenye kamba ya mbele, mita 4 kwenye kamba inayokwenda nyuma, na kutoka alama hadi alama pasomeke mita 5. Pakasomeka 5. Ila kati ya alama zile kulikuwa na rundo la udongo, na tepu ilipita juu yake. Rundo lenyewe lilikuwa na kimo cha kiganja hivi, si zaidi. Tepu inayopanda na kushuka kilima cha sentimita 20 katikati ya mita 5 inakudanganya kwa sentimita moja na nusu: imesoma 5.00 lakini umbali halisi ni kama 4.985. Kona yangu ikabana ndani kidogo.

Sentimita moja na nusu unaweza kuidharau. Lakini pembetatu ile ilikuwa na mguu wa mita 4, na mimi nikaivuta kamba hadi mita 8. Kosa nalo likatembea na kamba. Kigingi D, kona ya nyuma kushoto, kikaangukia karibu sentimita 5 upande wa kulia wa mahali pake. Kutoka D nikapima mita 12, kutoka B nikapima mita 8, zilipokutana nikapiga kigingi C. Kwa hiyo C nacho kikasogea kulia sentimita 5 zilezile. Sanduku langu likawa limeegemea, kama kiberiti ulichokisukuma kidogo ubavuni.

Hapo nikapima kona kwa kona. Kutoka A hadi C: 14.46. Kutoka B hadi D: 14.38. Tofauti sentimita 8.

Hadi hapa kila kitu kilikuwa kinafanya kazi yake. Pande nne zilikuwa sawa, mbili za 12 na mbili za 8, na mishazari ilitofautiana, yaani umbo lina pande sahihi lakini limeegemea. Kulirekebisha ni kulisukuma lirudi wima, na kulisukuma maana yake ni kuhamisha vigingi viwili vya nyuma pamoja. Mimi nikahamisha kimoja.

Niliona C ndicho kilicho kwenye mshazari mrefu, nikasema basi huyu ndiye mkosaji. Msaidizi wangu akashika tepu kwenye B ili upande wa kulia ubaki mita 8, nami nikawa nakisogeza C kushoto, napima, nasogeza, napima. Baada ya karibu sentimita 10 mishazari ikalingana: 14.38 na 14.38. Tukafurahi. Nilimwambia msaidizi achukue chokaa aanze kuweka alama za mtaro.

Angalia sasa nilichokuwa nacho ardhini. Mbele mita 12.00. Kushoto 8.00. Kulia 8.00. Mishazari miwili sawasawa kabisa. Na nyuma, ambako sikurudi kupima kwa sababu nilishapima asubuhi, 11.90. Kona zote mbili za nyuma zilikuwa zimeingia ndani karibu sentimita 5 kila moja, moja kwa kosa la tepu na nyingine kwa mkono wangu. Umbo la namna hiyo, lililo pana mbele na jembamba nyuma kwa kiasi kilekile pande zote mbili, mishazari yake hulingana daima. Ukiwa na pande mbili za ubavuni zinazolingana na mishazari inayolingana, bado hujajua kama mbele na nyuma ni sawa. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na naona hadi leo mafundi wengi hawaambiwi.

Mzee yule alipofika tulikuwa tunavuta kamba za ukuta juu ya zege ili tuanze kozi ya kwanza ya tofali. Hakuuliza habari nyingi.

"Kijana, mishazari yako inasoma ngapi?"

"Kumi na nne nukta thelathini na nane, mzee. Yote miwili."

"Na nyumba ni ngapi kwa ngapi?"

"Kumi na mbili kwa nane."

Akatoa simu, akabonyeza: 12 mara 12 ni 144, 8 mara 8 ni 64, jumla 208, kipeuo chake cha pili 14.42. Akanionyesha kioo. "Sanduku la kumi na mbili kwa nane halina mshazari wa thelathini na nane. Hizo sentimita nne zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akachukua ncha ya tepu, akamwambia msaidizi aishike kwenye kona ya nyuma kushoto, akatembea hadi kona ya pili. 11.90.

Mpaka leo kinachoniuma ni kwamba hesabu ile ningeweza kuifanya siku ya kwanza kabla hata ya kupiga kigingi. Kulinganisha mshazari na mwenzake hukuambia kama umbo limeegemea. Kuulinganisha na hesabu yake hukuambia kama umbo ndilo ulilokusudia. Nilikuwa nimefanya la kwanza tu.

Na kama siku ile ningehamisha vigingi viwili, ningevihamisha kwa kiasi gani? Wengi husema nusu ya tofauti, na kwa nyumba ndefu nyembamba nusu inakaribia. Lakini si nusu kamili. Kiasi halisi unakipata hivi: chukua tofauti ya mishazari, zidisha kwa urefu wa mshazari, gawanya kwa mara mbili ya upande ule ambao vigingi vitatembea kuufuata. Kwangu mimi tofauti ilikuwa sentimita 8, mshazari 14.42, na vigingi vya nyuma vingetembea kufuata kamba ya nyuma yenye mita 12. Nane mara 14.42 ni 115.36, gawanya kwa 24, unapata 4.8. Kwa hiyo C na D vyote viwili viende kushoto sentimita 4.8, kamba ya nyuma ikibaki palepale na umbali kati yao ukibaki mita 12. Mshazari wa A hadi C ungefupika, wa B hadi D ungerefuka, vikakutana kwenye 14.42. Kwa nyumba ya mraba hesabu hiyohiyo inatoa takriban saba ya kumi ya tofauti, na anayesogeza nusu atashangaa kwa nini anarudia mara tatu. Upande wa kusogeza ni rahisi kuukumbuka: ncha ya mshazari mrefu inaingia ndani, na mwenzake wa pembeni anaifuata kwenda upande uleule.

Tuliyokuwa nayo lakini hayakuwa vigingi tena, yalikuwa zege. Nilidhani tutavunja. Mzee akapima upana wa zege: sentimita 60. Ukuta wetu ulikuwa wa tofali la sentimita 20, ukikaa katikati unaacha 20 kila upande. Sisi tulihitaji kuutoa ukuta nje sentimita 5 kwenye kona za nyuma, na kadiri unavyokuja mbele pengo linapungua hadi sifuri kwenye A na B. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote ukuta ungekuwa na 15 upande mmoja na 25 upande wa pili. Alinieleza kanuni anayoitumia: mstari wa kati wa ukuta usitoke kwenye theluthi ya katikati ya zege. Kwa zege la 60 theluthi hiyo ni sentimita 20, yaani 10 kila upande wa mstari wa kati. Sisi tulikuwa tunatumia 5. Nyumba ilikuwa ya chini tu, haina ghorofa, mzigo mwepesi. Akasema ingekuwa ghorofa, au kosa lingepita 10, asingegusa kitu kabla mhandisi hajaja kuangalia, maana ukuta unaokaa pembeni ya zege unalikanyaga upande mmoja na zege linataka kulala.

Namna alivyozipata kona mpya ndiyo ninayoitumia mpaka sasa, na kwa kweli imenifanya niachane kabisa na pembetatu ya 3, 4 na 5 kwa kona kubwa. Unahitaji tepu mbili. Sifuri ya moja ikae kwenye A, ya pili kwenye B. Ile ya A inyooshwe isome 8.00, ile ya B isome 14.42, na pale alama hizo mbili zinapogusana ndipo D. Unageuza: 8.00 kutoka B, 14.42 kutoka A, unapata C. Kisha unapima C hadi D, ambacho ni kipimo ambacho hujakitumia kutengeneza chochote, na hicho ndicho shahidi wako. Chetu kilisoma 12.00 na chembe, labda milimita 3. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akaondoka. Tulipiga mistari ya chaki juu ya zege na kozi ya kwanza ikakaa juu ya mistari hiyo, si juu ya katikati ya zege. Ilibidi niwaambie wapangaji tofali mara kadhaa waache kufuata ukingo wa zege kwa macho.

Zege lilituhurumia kwa sababu lilikuwa pana. Kama mtaro ungechimbwa mwembamba kama wengine wanavyofanya kubana gharama, au tungeligundua tofali zikiwa zimepanda hadi kwenye jamvi la sakafu, kulikuwa na kuvunja tu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa namba sita. Kila msingi naandika ubavuni mwa ubao wa profaili, ule unaoshikilia kamba za msingi, pande nne na mishazari miwili, na pembeni yake mshazari wa hesabu. Namba sita zote zinapimwa upya kila mara kigingi chochote kinapoguswa, hata kama kimeguswa kimoja. Nilidhani hapo nimemaliza kujifunza.

Kisha nikapata kiwanja cha mteremko.

Nyumba hii ilikuwa mita 10 kwa 7.5, na mshazari wake wa hesabu unatoka mzuri, 12.50 kamili. Ardhi ilishuka kutoka kona ya A kwenda kona ya C iliyo mkabala nayo, jumla ya kama mita moja. B na D zilikuwa katikati ya mteremko, nusu mita chini ya A. Nilipiga kona ya A kwa uangalifu mkubwa, nikapima pande zote, zikasoma 10.00 na 7.50. Mishazari: A hadi C 12.52, B hadi D 12.48. Mmoja umezidi sentimita 2, mwingine umepungua sentimita 2. Kwa mtu aliyechomwa na nyumba ya kwanza hii ilikuwa picha anayoijua: sanduku limeegemea. Nikafanya hesabu yangu: tofauti 4, mara 12.5, gawa kwa 20, ni sentimita 2.5. Nikainama kung'oa C.

Msaidizi wangu wa siku hiyo, kijana aliyekuwa na wiki ya pili tu kazini, alikuwa ameshika ncha ya tepu kule A. Akaniita: "Fundi, hii tepu si inalala kama ngazi?" Nikainuka nikatazama. Kweli, tepu ya A hadi C ilikuwa inateremka waziwazi, wakati ile ya B hadi D ilikuwa imelala sawa, kwa sababu B na D zilikuwa kimo kimoja. Nilikuwa nalinganisha kitu kilichoinama na kitu kisichoinama.

Nyumba haijengwi juu ya mteremko wa ardhi, inajengwa kwenye usawa, na vipimo vyake vyote ni vya usawa. Mita 12.52 inayoshuka mita moja, ukiilaza, inabaki 12.48. Yaani mishazari yangu ilikuwa tayari inalingana na kona yangu ilikuwa skwea tangu mwanzo. Kama ningesogeza C na D sentimita 2.5, ningeipinda kona nzuri ili kutii tepu iliyolala vibaya, na kwenye daftari langu namba sita zote zingeonekana safi.

Kosa la kweli lilikuwepo, ila lilikuwa pengine. Pande zangu nazo nilizipima kwa kufuata mteremko. Mita 10 inayoshuka nusu mita ni 9.987 kwenye usawa, na 7.50 ni 7.483. Nyumba ilikuwa na pembe safi, lakini ndogo kwa sentimita moja na kitu kwenye urefu na karibu mbili kwenye upana. Ndiyo maana mshazari wa usawa ulikuwa 12.48 na si 12.50.

Tulitengua kila kitu. Tukasimamisha profaili nje ya mistari ya mtaro kwenye kila kona, zile mbao zilizopigiliwa juu ya nguzo fupi, na vichwa vyake vyote tukavileta kwenye kimo kimoja kwa mpira wa maji: mpira mwangavu uliojazwa maji bila mapovu, ncha moja kwenye kila profaili, maji yanapotulia pande zote mbili hapo ndipo alama. Kule A profaili ilikaa karibu na ardhi, kule C ikasimama kama meza ndefu. Kamba zikavutwa juu ya mbao hizo, na vipimo vyote sita vikachukuliwa hewani, pale kamba zinapokatana, siyo chini. Tepu iliyo hewani nayo hulegea katikati, kwa hiyo mishazari yote miwili nilimpa mtu mmoja avute kwa nguvu ileile. Ikilegea kiasi kilekile kwote, tofauti kati yao bado ni ya kuaminika. Zikasoma 12.50 na 12.505. Timazi ikashushwa kutoka kwenye makutano ya kamba hadi ardhini na hapo ndipo chokaa ilipomwagwa.

Nusu sentimita ile niliiacha. Kwa mshazari wa mita 12 au 14 huwa sihangaiki na tofauti iliyo chini ya hapo. Maana yake ni kwamba kona ya nyuma imepotea milimita 3 tu, na kiungo cha chokaa na saruji kati ya tofali kinaimeza. Ikifika sentimita moja narudia kupima kwanza kabla ya kusogeza, kwa sababu mara nyingi sentimita hiyo iko mkononi mwa anayeshika ncha: ameanzia kwenye ndoano ya tepu iliyolegea badala ya msumari. Siku hizi naanzia kwenye alama ya mita 1 kisha natoa moja, kwa vipimo vyote sita bila kuchanganya. Ukisahau kutoa, utalijua kosa papohapo, kwa kuwa mita nzima haijifichi.

Jambo dogo la mwisho kuhusu kiwanja kile. Baada ya mtaro kuchimbwa nilirudisha kamba kwenye profaili na kupima tena, na mshazari mmoja ukawa umezidi kwa sentimita 3. Nilipozunguka nikakuta profaili ya kona ya B imeinama, na alama ya gurudumu la toroli imepita kwenye mguu wake. Msumari ulikuwa bado upo juu yake, umesimama wima kabisa.